Baada ya mwanafunzi kujitoa uhai: uchambuzi wa kisa cha shule moja ya sekondari Dar es Salaam

Kisa hiki ni cha shule ya sekondari ya kutwa jijini Dar es Salaam. Jina la shule, manispaa, mwaka, jinsia na dini ya marehemu vimeondolewa, na mambo madogo yamebadilishwa ili familia isitambulike. Njia iliyotumika na mahali palipotokea tukio havimo humu, na msomaji atakayeendelea ataona kwa nini. Nilishiriki kama mnasihi kutoka nje ya shule, nikifanya kazi na mwalimu wa ushauri na unasihi wa shule hiyo.

## Hali ilivyokuwa

Marehemu alikuwa Kidato cha Tatu. Shule ina mikondo minne kwa kila kidato, darasa moja lina wanafunzi 50 na zaidi, na mwalimu wa ushauri na unasihi ni mmoja, naye anafundisha somo lake kama walimu wengine. Shule ilikuwa na utaratibu wa misiba: walimu wanachanga rambirambi, darasa husika linakwenda kwenye maziko kwa basi, na mkuu wa shule anatangaza mstarini asubuhi. Mwaka uliotangulia walimzika hivyo mwanafunzi aliyegongwa na gari. Utaratibu wa kifo cha kujitoa uhai haukuwapo.

Kifo cha namna hii kina hatari ya ziada. Vijana huathiriwa na kifo cha mwenzao kwa namna inayoweza kuwasukuma baadhi yao, hasa wale waliokuwa na maumivu yao tangu awali, kufikiria njia hiyohiyo. Hatari hupanda habari inaposimuliwa kwa undani, inapopewa sababu moja nyepesi, au inapogeuzwa kuwa sherehe ya kumtukuza aliyekufa. Kwa hiyo kila neno linalosemwa na shule katika siku za kwanza linaweza kupunguza hatari hiyo au kuiongeza.

## Jumapili jioni

Kifo kilitokea Jumapili mchana. Ilipofika jioni, kundi la WhatsApp la wanafunzi wa Kidato cha Tatu lilikuwa limejaa simulizi tatu tofauti, na moja ilimtaja mwalimu. Mkuu wa shule alipata habari kutoka kwa mzazi wa jirani. Hakutuma ujumbe wowote. Alimpigia kwanza baba mdogo wa marehemu, ambaye familia ilikuwa imemteua kuwa msemaji wa msiba, akahakikisha kwamba kweli kijana amefariki, akatoa pole, kisha akauliza swali ambalo shule nyingi huliruka: familia inataka wanafunzi waambiwe nini?

Jibu lilikuwa kwamba waambiwe aliugua ghafla.

Hapo ndipo palipokuwa na uamuzi mgumu kuliko yote. Familia ina haki ya siri yake, na katika mitaa yetu aibu ya kifo kama hiki huwaangukia wazazi na ndugu kwa miaka. Lakini wanafunzi walikuwa tayari wanajua, au wanadhani wanajua. Shule ikisema "aliugua", watoto 200 wa kidato kile watajifunza siku hiyo kwamba watu wazima wa shule husema uongo jambo likiwa zito, na yule mmoja mwenye mawazo ya kujiua atajua kwamba hakuna wa kumweleza.

Makamu mkuu alitaka ombi la familia lifuatwe kama lilivyo. Mwalimu wa unasihi alikataa. Tulikubaliana njia ya tatu: shule haitasema uongo na haitafichua. Itasema kwamba familia imeomba namna ya kifo isizungumzwe, halafu, kwa kuwa uvumi upo, itazungumza juu ya kujitoa uhai kwa ujumla bila kumhusisha marehemu. Mkuu alimpigia tena baba mdogo, akamsomea sentensi zenyewe, neno kwa neno. Baba mdogo alikaa kimya kidogo, akasema, "Hayo semeni, mwalimu. Ila msiseme mengine." Familia nyingi hukubali zikisikia maneno yenyewe. Zinachokiogopa ni kutojua kitakachosemwa.

## Kikao cha walimu

Kikao kiliitishwa saa 12:30 asubuhi, saa nzima kabla ya wanafunzi kuingia darasani. Walimu walikuwa wamepigiwa simu usiku, kila mkuu wa idara akiwapigia wa idara yake. Kundi la WhatsApp la walimu halikutumika, kwa sababu picha ya skrini ingetoka nje kabla ya alfajiri.

Mkuu alieleza kilichothibitishwa na kisichojulikana, kisha akawapa walimu nafasi ya kunyamaza na kulia. Baadhi yao walikuwa wamemfundisha kijana huyo tangu Kidato cha Kwanza, na mwalimu aliyevunjika moyo hawezi kusimama mbele ya darasa kusoma habari hiyo. Wawili waliomba wasisome, wakapewa kazi nyingine bila kuulizwa sababu. Mwalimu aliyetajwa kwenye uvumi, ambaye wiki iliyopita alikuwa amemwita mzazi wa marehemu kuhusu maendeleo ya masomo, aliambiwa mbele ya wenzake kwamba kifo cha kujitoa uhai hakina sababu moja na kwamba hakuna atakayemnyooshea kidole shuleni. Alibadilishiwa vipindi vya kidato kile siku hiyo, na mwalimu mwenzake alikaa naye.

Sehemu ndefu ya kikao ilihusu maneno. Sisi tunayo maneno ya kufariji yanayotoka mdomoni yenyewe: "amepumzika", "ametangulia", "sisi tulimpenda, Mungu kampenda zaidi". Kwenye msiba mwingine hayana madhara. Kwa kijana anayetafuta pa kupumzikia, "amepumzika na shida za dunia" ni kama kuonyeshwa mlango. Walimu waliombwa wayaweke pembeni wiki ile. Waliombwa pia wasitaje njia hata kwa kitenzi kimoja, wasiseme marehemu alikuwa mwoga wala shujaa, na wasisome wala kurudia ujumbe wowote unaodaiwa aliuacha. Mwalimu mmoja aliuliza kama kuzungumza juu ya kujiua hakutawapa watoto wazo hilo. Kumuuliza kijana waziwazi kama anafikiria kujiua hakupandi wazo hilo. Mara nyingi ndiyo mara ya kwanza anapata ruhusa ya kulisema.

Kila mwalimu wa darasa aliondoka na karatasi moja yenye ujumbe wa kusoma na majina ya watu watatu wa kumpelekea mwanafunzi anayehitaji msaada.

## Ujumbe kwa wanafunzi

Mstari wa asubuhi ulifutwa. Wanafunzi 800 wakisimama juani na kupata habari kama hiyo kwa pamoja, hakuna anayeweza kuona nani amebadilika uso. Habari ilitolewa madarasani, dakika ileile katika madarasa yote, na mtu wanayemfahamu. Marafiki watano wa karibu waliitwa kabla, chumba cha pembeni, wakaambiwa kwanza na kukaa na mnasihi.

Ujumbe ulisomwa hivi:

"Nina habari nzito. Mwenzenu (jina) wa Kidato cha Tatu amefariki dunia jana. Familia yake imeomba tusizungumzie namna alivyofariki, na sisi tunaheshimu ombi hilo. Najua wengi wenu mmesoma mambo kwenye simu. Sitayathibitisha wala kuyakanusha, na ninawaomba msiyasambaze, kwa sababu yanawaumiza wazazi wake.

Wapo wanaosema alijitoa uhai. Kwa kuwa neno hilo limeshasemwa, nataka mjue jambo hili kuhusu kujitoa uhai kwa ujumla. Halitokani na kitu kimoja, iwe mtihani, ugomvi au adhabu. Mara nyingi mtu anakuwa na maumivu makubwa ya akili yaliyojikusanya, na maumivu hayo yanaweza kusaidiwa na kutibiwa. Si kosa la rafiki, mwalimu wala mzazi.

Leo unaweza kulia, kukasirika, au usihisi chochote. Yote ni sawa. Kama wewe au rafiki yako mnawaza kutoishi, mwambieni mtu mzima leo hii. Hata kama rafiki alikuapisha usiseme, hiyo si siri ya kutunza. Chumba cha maktaba kiko wazi siku nzima, na nitakusindikiza mwenyewe."

Baada ya kusoma, mwalimu alibaki darasani kipindi kizima. Vipindi viliendelea kufundishwa kwa wepesi, bila majaribio, kwa kuwa mtoto aliyerudishwa nyumbani Dar es Salaam saa 3 asubuhi mara nyingi anakuta nyumba haina mtu. Kiti cha marehemu kiliachwa hadi Ijumaa. Kisha mwalimu wa darasa aliwaeleza wanafunzi siku moja kabla kwamba madawati yatapangwa upya, na walishiriki kuyapanga.

Polisi walifika Jumanne wakitaka kuwahoji marafiki. Mkuu aliwapokea vizuri, akaomba mahojiano yafanyike mzazi au mlezi akiwapo, na ndivyo ilivyokuwa.

## Orodha ya wa kuangaliwa

Kama shule ina nguvu ya kufanya jambo moja tu kwa ukamilifu, ningependa liwe hili. Saa 6 mchana tulikaa na walimu wa kidato kile kuandika majina. Kigezo cha kwanza kilikuwa ukaribu na marehemu: waliokaa naye dawati moja, waliopanda naye daladala, aliyezungumza naye mwisho. Kigezo cha pili kilikuwa kufanana naye: wanaojiona wako katika hali kama yake, hata kama hawakuwahi kuongea naye. Cha tatu kilikuwa wale ambao tayari wana mzigo: aliyefiwa karibuni, anayeonewa, aliyewahi kujidhuru, mwenye vurugu nyumbani.

Orodha ilianza na majina 19. Kila mmoja aliitwa na mtu mzima mmoja aliyechaguliwa kwa ajili yake, si kwa kutangazwa, bali kwa "hebu nisaidie kubeba madaftari". Swali liliulizwa wazi: umewahi kufikiria kujiua? Unafikiria sasa? Umepanga namna? Wengi walikuwa na huzuni ya kawaida ya msiba. Wanne walikuwa na mawazo hayo. Mmoja wao alikuwa na mpango, naye hakuachwa peke yake hata kwenda chooni hadi mama yake alipofika, na siku hiyohiyo walisindikizwa hospitali yenye huduma ya afya ya akili.

Huyo mwenye mpango hakuwa rafiki wa marehemu. Aliingia kwenye orodha kwa kigezo cha pili.

## Wazazi

Barua kwa wazazi ilitoka Jumatatu mchana ikiwa na maneno yaleyale ya darasani. Iliongeza dalili za kuangalia: mtoto kugawa vitu vyake, kusema yeye ni mzigo, kukosa usingizi, kujitenga, au utulivu wa ghafla baada ya siku za huzuni kali. Iliwaomba wazazi wafungie dawa zote za hospitali, sumu za wadudu na panya, na vitu vingine hatari. Chini iliwekwa namba 116, simu ya bure ya huduma kwa mtoto, pamoja na simu ya mwalimu wa unasihi.

Mkutano ulifanyika Jumatano saa 11 jioni, kwa wazazi wa kidato kile tu. Tuliwaketisha kwa makundi ya darasa, kwa sababu kwenye ukumbi mzima anayesema kwa sauti kubwa ndiye husikika. Baba mmoja alitaka kujua nani awajibishwe. Mkuu alimjibu kwamba uchunguzi una mahali pake, na leo wamekuja kwa ajili ya watoto walio hai. Mama mwingine aliuliza swali ambalo wengi walikuwa nalo moyoni: "Nikisema mwanangu ana mawazo hayo, si mtampeleka polisi?" Woga huo una msingi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kinafanya kujaribu kujiua kuwa kosa. Lakini kuwa na mawazo hayo si kosa, na mtoto anayesema anaumia anapelekwa kwa mhudumu wa afya. Jibu hilo lilipotolewa wazi, wazazi sita walibaki baada ya mkutano kuzungumza faragha.

Tuliwafundisha kuuliza. Wengi walikuja wakidhani kazi yao ni kukemea au kuombea. Maombi hayakukatazwa, wala isingekuwa haki kuyakataza. Walichoombwa ni kusikiliza kwanza bila kusema "una shida gani wewe, unakula, unalala". Kisha waketi karibu usiku huo.

Wazazi wa marehemu walipewa mtu mmoja wa shule wa kuwasiliana nao, mwalimu wa darasa. Alikwenda msibani kila jioni, hakuhubiri, alikaa na baba mkekani. Siku ya tatu ya matanga, baba mdogo alimwambia kwamba familia imeridhia shule iseme ukweli ikiulizwa. Maneno ya Jumatatu yaliwafikia kupitia watoto wa majirani, na waliona mtoto wao hakudhalilishwa.

## Maziko na kumbukumbu

Wanafunzi walitaka kuchapisha fulana zenye picha yake. Ni desturi ya misiba ya mjini, na makusudi yao yalikuwa mema. Tulikataa fulana, na wakauliza, kwa haki, mbona yule aliyegongwa na gari alifanyiwa mengi. Kanuni ya kushika ni kwamba vifo vyote vya wanafunzi viheshimiwe sawa. Ukimnyima huyu kabisa, unawaambia familia kifo chao ni cha aibu. Ukizidisha, kijana mpweke anaona njia ya kupendwa. Yule wa ajali hakufanyiwa fulana, alipelekewa basi na rambirambi. Basi likaenda, rambirambi ikaenda, kwa idhini ya maandishi ya kila mzazi na mwalimu mmoja kwa wanafunzi kumi. Kwa mapenzi ya wanafunzi, fedha za fulana ziliongezwa kwenye rambirambi.

Kabla ya maziko, mkuu alimwendea kiongozi wa dini aliyepangwa kuzungumza. Alimwomba mambo mawili: asimhukumu marehemu mbele ya wenzake, na asieleze kifo kama raha iliyopatikana. Alikubali, akazungumza juu ya maisha ya kijana huyo na juu ya kutafuta msaada.

## Yaliyofuata

Hadi Kidato cha Tatu kile kilipomaliza shule, hakukuwa na kifo kingine. Siwezi kusema ni mpango uliozuia, kwa sababu kifo kisichotokea hakina ushahidi. Ninachoweza kusema ni kwamba wanafunzi wanne walipata matibabu au unasihi ambao bila orodha wasingeupata. Maktaba ilitumika sana siku mbili za kwanza, ikapungua, kisha ikajaa tena wiki ya tatu, msiba ulipokwisha na watu walipoacha kuuliza.

## Uchambuzi

Sentensi iliyokubaliwa na familia ndiyo iliyobeba mambo mengine yote. Iliwapa walimu kitu cha kusema bila kubuni, iliondoa nguvu ya uvumi, na iliacha mlango wazi kwa familia kubadili msimamo. Kama shule ingesema "aliugua", ile ruhusa ya siku ya tatu isingekuwa na maana, maana wanafunzi wangekuwa wameshaacha kusikiliza.

Kigezo cha kufanana kilionyesha thamani yake, lakini orodha ilitengenezwa kwa jicho la darasani mno. Marehemu alikuwa na marafiki wa mazoezi na wa ibada nje ya shule, na mmoja wao, mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza papo hapo shuleni, aligundulika wiki ya pili baada ya kuacha kula. Viranja wangeweza kututajia jina lake kwa dakika moja kama wangeulizwa kwa staha.

Kikao cha asubuhi kiliwasahau walinzi, wapishi na kondakta wa basi la shule. Mlinzi wa getini ndiye aliyeulizwa maswali mengi zaidi na wapita njia, naye alijibu kwa alichosikia mtaani, pamoja na njia iliyotumika. Simulizi hiyo ilirudi ndani ya shule saa 4.

Jambo lililoumiza zaidi lilitoka kwenye kompyuta ya mhasibu. Jina la marehemu halikuondolewa kwenye mfumo wa ujumbe, na mama yake alipokea kumbusho la ada wiki mbili baada ya maziko. Mwalimu wa darasa alikwenda kuomba radhi ana kwa ana. Sasa orodha ya shule ina mstari wa kuondoa jina kwenye ujumbe wa ada, rejista ya mahudhurio na matangazo ya wazazi siku ya kwanza, na kukabidhi madaftari kwa familia kwa wakati wanaoutaka wao.

Kuna pia ndugu. Mdogo wake marehemu alisoma shule ya msingi kata ya jirani, na walimu wake hawakuambiwa hadi wiki ya tatu, alipoadhibiwa kwa kutofanya kazi ya nyumbani. Baada ya hapo mkuu aliongeza swali kwenye simu ile ya kwanza kwa msemaji wa familia: marehemu ana ndugu wanaosoma wapi, na mnaruhusu tumpigie mwalimu mkuu wao usiku huu?